Salio la Majoho ya Kwaya

Kwa maneno kumi na moja nilikaribia kumfanya mama wa watu aitwe mwizi, na hata chai nilikuwa sijakunywa.

Mimi ni fundi wa nguo. Duka langu liko Gatongora, hapa Ruiru, vyumba viwili, mbele cherehani tatu na nyuma meza ya kukatia. Mdomo wangu watu wanaujua. Marehemu mama yangu alikuwa akisema mimi hujibu kabla swali halijaisha, na sijabadilika, nimezeeka tu. Mume wangu ni mtu wa aina nyingine kabisa. Alitunza stoo ya kiwanda fulani kule Thika kwa miaka mingi, na mpaka leo ukimpa kitunguu atataka kujua kimetoka wapi na nani amekitia sahihi.

Kazi yenyewe ilitoka Thika, kwaya ya kanisa, watu thelathini na wawili. Walitaka majoho ya rangi ya zambarau yenye kola nyeupe, kwa sababu walikuwa na tamasha la kwaya na kanisa jirani lilikuwa limeshashona mapya. Aliyekuja kuongea nami alikuwa mweka hazina wao, mama mjane anayeuza ndizi sokoni, mpole, mwenye sauti ndogo. Nilimuuliza anaimba sehemu gani, akaniambia alto, lakini ni heri nisimsikie. Nikampenda hapo hapo. Kawaida sigusi kitambaa kabla mtu hajatoa nusu ya pesa. Huyu nilimkubalia alipe yote kabla ya kuchukua nguo, nikaenda kununua kitambaa kwa pesa yangu mwenyewe. Hilo halikuwa kosa lake, nawaambia mapema.

Kwaya hiyo ilikuwa na sheria moja. Mweka hazina aliyekuwepo kabla ya huyu mama alihama mji pamoja na pesa za kukodisha basi, na tangu siku hiyo walikubaliana kwamba kila kitu cha pesa kiandikwe kwenye grupu la simu, mbele ya wote. Nami wakaniingiza kwenye grupu, kwanza kwa sababu ya vipimo. Hiyo nayo ilikuwa vituko. Wanaume walituma kifua, mabega na urefu bila shida. Wale wa soprano walikataa kuandika kifua mbele ya besi. Mmoja aliandika tu, "Mimi ni wa katikati." Nikamuuliza katikati ya nini na nini. Ikabidi nimkisie.

Nilitoa invoisi: majoho thelathini na mawili, kila moja elfu mbili na mia saba, jumla elfu themanini na sita na mia nne. Chini nikaandika namba ya simu ya kulipia. Namba hiyo tumeitumia dukani miaka yote, lakini laini ilisajiliwa kwa jina la mume wangu, zamani, tulipokuwa na simu moja nyumba nzima. Ukituma pesa, jina linalotokea ni lake. Wateja wangu wa Ruiru wanalijua hilo. Watu wa Thika sikuwaambia. Haikunijia akilini.

Jumatatu moja simu ikalia, pesa imeingia. Elfu hamsini na moja na mia tatu. Nikangoja nyingine iingie, kimya. Nikangoja maelezo, hakuna. Jumanne hakuna, Jumatano hakuna. Alhamisi asubuhi mwenye duka la kitambaa akanipigia kunikumbusha kwamba vitambaa vya kola nilichukua kwa mkopo. Nikakata simu nikiwa nachemka. Nikaingia kwenye grupu, sheria ni sheria, nikaandika: "Mama, pesa ya majoho bado. Nguo hazitoki hapa mpaka nione pesa."

Nikatuma. Nikaona nimeongea kama mfanyabiashara. Nikaenda kupika chai nikiwa na raha.

Ijumaa saa tatu asubuhi huyo mama alikuwa mlangoni kwangu. Alikuwa amefunga kibanda chake sokoni, siku ya Ijumaa, akatoka Thika mpaka Gatongora na mfuko wa ndizi mkononi na daftari kwapani. Akasema, "Bwana asifiwe." Nikajibu, "Amina, karibu," lakini kwa ile sauti ya kumwambia mtu najua kilichokuleta. Nilidhani ameleta salio.

Akaketi kwenye kiti cha wateja, akafungua daftari, akauliza polepole, "Fundi, ile pesa ya Jumatatu haikufika?"

"Ilifika," nikamwambia. "Lakini haikutosha."

Akaweka kidole kwenye ukurasa wa Jumatatu. Kisha akasema, "Basi kwa nini uliandika bado?"

Akanieleza. Watu kumi na tisa walikuwa wametoa, kumi na tatu bado. Yeye hapendi pesa ya kikundi ilale kwenye simu yake hata usiku mmoja, kwa hiyo alichokusanya alinitumia chote siku hiyo hiyo, akaweka ule ujumbe wa kuthibitisha kwenye grupu ili kila mtu auone. Alitaka kunipigia anieleze, soko likamshika. Watu waliona ujumbe wake, wakaona jina la mwanaume, hawakuuliza. Halafu Alhamisi fundi mwenyewe akaandika kwamba pesa bado. Jioni hiyo grupu likawaka moto. Mama mmoja wa soprano, mrefu, ndiye aliyeanza: "Huyu mwanaume aliyetumiwa elfu hamsini na moja ni nani?" Mzee mmoja wa besi akaongeza, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Akaandika mwingine kwamba mjane naye ni binadamu. Mwenyekiti akawaambia wanyamaze, akaitisha mkutano Jumamosi baada ya mazoezi, mweka hazina aje na daftari aeleze.

Mimi nilikuwa nimezima milio ya grupu hilo tangu enzi za vipimo. Hata Alhamisi niliandika nikatoka bila kusoma yaliyotangulia. Sikuwa nimeona hata neno.

"Mimi nimekaa kanisa hilo miaka ishirini," akasema yule mama. "Nimezika mume wangu kutoka hapo. Kesho nitasimama mbele ya watu nieleze kwamba sina mwanaume na sikuiba." Hakulia. Alikuwa anakunja kona ya daftari, anaikunjua, anaikunja tena. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Mume wangu alikuwa kwenye meza ya kukatia, anasoma gazeti. Alikuwa amesikia yote. Akainuka, akavua miwani, akasema, "Mama, huyo mwanaume ni mimi. Karibu chai." Yule mama akamtazama kutoka kwenye viatu mpaka kwenye kichwa chenye upara, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Mume wangu akauliza kama kuna kitu kibaya. Nikamwambia hapana, mzee, amefarijika tu.

Mimi nikachukua simu. Nilikuwa nimepata hasira mpya, na hasira yangu ikipata njia haipigi breki. Nikaandika upesi, nikawasomea: "Nyinyi watu wa kwaya, midomo inaimba na roho ziko kwa udaku. Nimelipwa. Huyo mwanaume ni bwanangu wa ndoa. Waliolipa watu kumi na tisa, na nyinyi kumi na tatu mnajijua. Dawa ya deni ni kulipa."

"Hiyo ni barua ya kufukuza wateja," akasema mume wangu. "Umelipwa ngapi?"

"Si wanajua."

"Wanajua walichoambiwa na huyu mama, na huyu mama hawamwamini. Wewe ndiwe hujasema. Andika umepokea ngapi, lini, kutoka kwa nani, na ni ya invoisi gani. Hayo kwanza. Kudai kunakuja baadaye."

Nikafuta. Nikaandika tena, safari hii kwa huruma. Nikamwita mpendwa, nikamwomba msamaha, nikasema ni mwaminifu kuliko sisi sote, nikataja zile elfu hamsini na moja na mia tatu, nikashukuru, nikashukuru tena, nikamalizia kwa baraka. Niliiona nzuri. Yule mama akasema ni nzuri. Mume wangu akaisoma mara mbili, kidole juu ya skrini.

"Salio liko wapi?"

"Liko kwa invoisi."

"Hapa haliko. Mtu akisoma hii ataona umesamehe wengine. Umeshukuru mpaka umesahau unadai."

Nikamuuliza kama anataka kuandika yeye, kwa kuwa pesa ilitumwa kwake na tayari ana wapenzi Thika nzima. Akasema hapana, kosa lilifanywa na kidole changu na kitarekebishwa na kidole changu. Elfu thelathini na tano na mia moja, akasema, andika kwa tarakimu. Akachukua karatasi ya kukatia mifano, akatoa hesabu kwa kalamu ya stoo, themanini na sita na mia nne toa hamsini na moja na mia tatu, akanionyesha kana kwamba nilikuwa nabisha.

Nikaandika kwamba salio ni shilingi 35,100, la watu kumi na tatu, liletwe haraka iwezekanavyo.

"Haraka ni siku gani?" akauliza.

"Haraka ni haraka."

"Kwa mwenye pesa haraka ni leo. Kwa asiye nayo haraka ni Krismasi. Taja siku."

Nikaandika Ijumaa ijayo, kwa kuwa ndiyo siku waliyopanga kuchukua majoho, na tamasha lilikuwa Jumapili yake. Hapo yule mama, aliyekuwa akinywa chai yake, akaweka kikombe chini.

"Fundi, ondoa watu kumi na tatu."

"Si ni kweli?"

"Ni kweli. Lakini ukiandika watu, wataanza kuhesabiana leo usiku. Mmoja wao ni msichana aliyesimamishwa kazi kiwandani mwezi uliopita, na hajamwambia mtu ila mimi. Andika pesa. Majina niachie mimi."

Mtu ambaye kesho yake angeitwa mwizi mbele ya kanisa, na bado alikuwa anafunika aibu ya mwingine. Nikaondoa watu kumi na tatu. Nikawasomea upya, ujumbe ukawa safi: nani, ngapi, lini, salio, siku. Nikaweka kidole juu ya kutuma.

"Na ile ya jana?" akauliza yule mama, kwa ile sauti yake ndogo.

Nilijua angeuliza. Nilikuwa nimetumaini ujumbe mpya utaufunika wa zamani, watu wasome huu wasahau ule. Nikaandika, "Kulikuwa na kutoelewana kidogo." Nikausoma, nikajua ninadanganya. Hakuna aliyekosa kuelewa. Walielewa vizuri kabisa nilichoandika, na nilichoandika ndicho kilikuwa kibovu, nusu ya habari. Nikafuta. Sijui kwa nini maneno matatu yanaweza kuwa mazito hivyo kwa mtu anayeongea kutwa nzima. Mume wangu akajifanya anasoma gazeti.

Ujumbe niliotuma ulikuwa huu:

"Bwana asifiwe. Hii ni kuhusu invoisi namba 114, majoho 32 ya kwaya, jumla shilingi 86,400. Jumatatu tulipokea shilingi 51,300 kutoka kwa mweka hazina wenu. Asanteni. Laini tuliyowapa ya kulipia imesajiliwa kwa jina la mume wangu, ndiyo sababu mliona jina lake. Salio ni shilingi 35,100. Tunaomba litufikie kufikia Ijumaa ijayo, siku ya kuchukua majoho. Ujumbe wangu wa jana haukutaja malipo ya Jumatatu. Kosa ni langu. Risiti nitaileta mwenyewe kesho."

Baada ya maneno mume wangu kulikuwa na jina lake kamili, ambalo siliandiki hapa kwa sababu mwaka huo lilikuwa limetajwa vya kutosha.

Dakika kumi zikapita. Kisha mwenyekiti akaandika, "Asante fundi, tumeelewa." Kisha mtu akaweka mikono miwili ya kuomba. Yule mama akafunga daftari lake, akatuachia ndizi, akarudi kuuza, na mimi nikaingia nyuma nikaandika risiti niliyopaswa kuandika Jumatatu ile ile: nimepokea 51,300, sehemu ya malipo ya invoisi 114, salio 35,100. Nikapiga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza haukushika.

Jumamosi tukaenda Thika, mimi na mume wangu. Alivaa suti. Nikamuuliza suti ya nini, akasema kama watu wamemsikia, ni vizuri wamwone akiwa amenyooka. Njia nzima nilimwita mzee wa elfu hamsini na moja na akavumilia, isipokuwa mara moja alipokumbusha kwamba kuna mia tatu pia.

Tulikuta mazoezi yanaisha kwenye ukumbi wa kanisa. Walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, sauti kwa sauti, na yule mama alikuwa mbele kwenye meza ndogo, peke yake, daftari mbele yake. Mwenyekiti akatukaribisha. Akasoma ujumbe wangu kutoka kwenye simu, wote, mpaka mwisho. Nilidhani ningejisikia vibaya, kusimama hapo mtu akisoma "kosa ni langu" kwa sauti ya kutangaza wagonjwa. Nilijisikia vibaya kweli, lakini kidogo kuliko nilivyoogopa. Nikampa risiti, akaisoma nayo, akampa mweka hazina, naye akaibandika kwenye daftari kwa gundi aliyokuja nayo. Mwenyekiti akamwomba mume wangu asimame watu wamwone. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Mimi ndiye laini." Kanisa zima likacheka, hata yule wa besi, ambaye baadaye alimwendea mweka hazina akamshika mkono kwa mikono miwili. Nilimwona yule mama akiitikia kwa kichwa kwamba ameshasamehe.

Mkutano ulipovunjika, watu wakaanza kuja. Lakini walikuja kwangu. Namba yangu walikuwa nayo, uso wangu sasa walikuwa wameuona, na nadhani waliona njia fupi ni hii. Wa kwanza alikuwa yule mama mrefu wa soprano aliyeuliza huyu mwanaume ni nani. Alikuwa mmoja wa wale kumi na tatu. Alikuja na elfu mbili na mia saba mkononi, noti zimekunjwa, akaninyooshea mbele ya kila mtu. "Fundi, wacha nikupe wewe moja kwa moja. Ni rahisi zaidi."

Naomba mnielewe, pesa hiyo niliihitaji. Mwenye duka la kitambaa alikuwa amepiga tena asubuhi hiyo. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuinuka, naukumbuka vizuri. Nyuma yake walikuwa wengine wawili wenye simu mkononi, wanangoja kuona nitafanya nini ili wafanye vivyo hivyo. Na kule mbele mweka hazina alikuwa bado ameketi kwenye meza yake na daftari wazi na kalamu, na hakuna aliyesimama mbele yake. Alikuwa anatutazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyesafishwa jina halafu akaachwa hapo na usafi wake.

Nikarudisha mkono, nikaushika mkoba wangu.

"Mimi sina mteja hapa anayeitwa wewe," nikamwambia yule wa soprano, na kwa mara moja maishani sikupandisha sauti. "Nina kwaya, na kwaya ina mweka hazina. Mpe yeye."

Akasimama na noti zake hewani. Niliona anapima kama aniudhi au ajiudhi. Ukumbi haukuwa mkubwa, labda hatua kumi na tano kutoka nilipokuwa mpaka ile meza, lakini alizitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake. Wale wawili wa simu wakamfuata nyuma. Akafika, akaziweka zile noti mezani.

Yule mama akazihesabu mbele yake, noti moja moja, akalitafuta jina lake kwenye orodha, akaandika, akageuza daftari ili mwenzake aone palipoandikwa. Kisha akainua macho akamwambia, kwa sauti ile ile ndogo, lakini sote tuliisikia, "Nimepokea, dada. Huna deni."

Na yule wa soprano akavuta kiti cha plastiki, akaketi kando yake, akaanza kumsaidia kuita majina.